Saccos asilimia 1 kwa mwezi, benki asilimia 17 kwa mwaka: mbona makato yananichanganya?

#1 Chaki Nyeupe
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa msingi, huku Nyanda za Juu Kusini. Nyumba imefika kwenye lenta, nataka milioni 6 nipaue kabla mvua hazijaanza. Nina karatasi mbili mezani.

Saccos yetu ya kazini, ambako nina akiba ya milioni 2, wako tayari kunipa hiyo milioni 6 kwa miezi 36. Riba asilimia 1 kwa mwezi, makato yameandikwa 226,667. Benki wananipa milioni 6 hiyo hiyo kwa asilimia 17 kwa mwaka, miezi 84, makato 122,615.

Mimi naona asilimia 1 mara 12 ni 12, na 12 ni ndogo kuliko 17, kwa hiyo Saccos ni nafuu, kwisha. Mume wangu anaangalia makato, anasema Saccos ni karibu mara mbili ya benki, kwisha. Tumenuniana tangu juzi. Nani kakosea?

#2 Kipara wa Mwanjelwa
Wote wawili mko sahihi, ndiyo maana ndoa zina kelele.

#3 Dawati la Mikopo
Nafanya kazi kitengo cha mikopo ya watumishi, benki sitaitaja. Mwalimu, unalinganisha miezi 36 na miezi 84, lazima makato yapishane. Mwambie afisa akupigie hesabu ya miezi 36 kwa riba ile ile. Utapata kama 213,900 kwa mwezi. Ukilipa hivyo, riba yote ni kama milioni 1.7. Ukienda miezi 84, riba yote inafika kama milioni 4.3. Makato madogo unayanunua kwa miaka minne zaidi ya kulipa.

Na uliza kitu kingine: mkononi utapokea shilingi ngapi? Kwetu ada ya mkopo na bima vinakatwa juu kwa juu. Vikiwa jumla asilimia 3, milioni 6 inaingia kwenye akaunti ikiwa 5,820,000, lakini riba unalipa ya milioni 6 nzima.

#4 Mzee wa Kikoba
Huku kwetu asilimia 10 kwa mwezi na tunagawana mwisho wa mwaka, kila mtu anacheka. Hizo asilimia 1 na 17 mnazolialia ni bure kabisa. Njoo kwenye kikoba dada.

#5 Mama Nasra Tanga
@Mzee wa Kikoba milioni 6 kwa asilimia 10 kwa mwezi ni laki sita za riba mwezi wa kwanza. Mwalimu atapaua nyumba ya mwenyekiti wenu.

#6 Hazina Mstaafu
Salaam. Nilikuwa mtunza hazina wa Saccos ya wafanyakazi miaka tisa, kwa hiyo nina upendeleo wangu, mnivumilie. Namba 3 kasema kweli, ila kuna swali limepita hapo hakuna aliyeliona.

Hiyo 226,667 inanisumbua. Chukua milioni 6 gawa kwa 36, unapata 166,667. Ongeza asilimia 1 ya milioni 6, yaani 60,000. Jumla ni 226,667. Sasa, hiyo inaweza kuwa na maana mbili tofauti kabisa.

Ya kwanza: ni rejesho la mwezi wa kwanza tu. Mwezi wa pili deni limebaki 5,833,333, riba inakuwa 58,333, na makato yanashuka kidogo kidogo hadi mwisho. Hiyo ni riba inayopungua. Riba yote kwa miezi 36 ni 1,110,000. Hapo Saccos ni nafuu kweli.

Ya pili: ni 226,667 kila mwezi, kuanzia wa kwanza hadi wa 36. Maana yake unalipa riba ya milioni 6 hata siku ambayo deni lako limebaki laki mbili. Hiyo ndiyo flati. Riba yote inakuwa 2,160,000, na hapo umeipita benki ya asilimia 17 kwa muda ule ule. Ukiipeleka kwenye lugha ya benki, hiyo "asilimia 1" yako inakuwa zaidi ya 21 kwa mwaka.

Kwa hiyo usiniambie riba ni ngapi. Niambie riba ya mwezi wa pili ni shilingi ngapi. Omba jedwali la marejesho, angalia mstari wa pili.

#7 Kipara wa Mwanjelwa
Mzee umetupiga na chaki. Kwa hiyo namba moja, maana mbili, na mtu anasaini?

#8 Hazina Mstaafu
Wanasaini kila wiki. Fomu ina neno "riba 1%" na nafasi ya saini, basi.

#9 Mtumishi Halisi
Mnapoteza muda na riba. Saccos haikukopeshi chochote, inakukopesha pesa yako mwenyewe. Una milioni 2 mle ndani, wanakupa 6, maana yake umekopeshwa 4 lakini unalipa riba ya 6. Toa milioni 2 yako, kopa 4 benki, umemaliza. Sijui kwa nini watumishi hatuoni hili.

#10 Nakuru Rafiki
Wazo la namba 9 tunalisikia sana hata huku Kenya, kwa sababu sacco zetu nazo zinakopesha mara tatu ya akiba. Lakini mnasahau kwamba akiba inalipwa. Mwisho wa mwaka kuna riba ya akiba, na hisa zina gawio lake. Mwalimu, mwaka uliopita Saccos yenu ililipa akiba asilimia ngapi?

#11 Chaki Nyeupe
Asanteni sana. Akiba walilipa asilimia 4. Hisa sikumbuki, ni kidogo tu.

Jedwali sina. Nilipewa karatasi moja ina makato na muhuri. Kesho nitakwenda kuuliza.

#12 Hazina Mstaafu
Basi hebu tumjibu namba 9 kwa namba za mwalimu, maana hoja yake ina nusu ya ukweli.

Akibaki Saccos kwa riba inayopungua: analipa riba 1,110,000 kwa miaka mitatu, lakini milioni 2 yake inamletea kama 80,000 kila mwaka, yaani 240,000. Gharama halisi ni 870,000 hivi.

Akitoa milioni 2 na kukopa 4 benki kwa miezi 36: riba kama 1,134,000, weka ada na bima ya asilimia 3, unafika kwenye 1,254,000.

Kwa hiyo Saccos bado inashinda, lakini tofauti siyo ile ya 12 na 17 inayoonekana kwenye tangazo. Ni chini ya laki nne kwa miaka mitatu. Na kama ni flati, hesabu inageuka: 2,160,000 toa 240,000, ni 1,920,000. Hapo namba 9 ana haki ya kututukana.

#13 Mtumishi Halisi
Nilisema.

#14 Dawati la Mikopo
Umesema nusu. Hiyo milioni 2 haitoki kama unavyotoa kwenye ATM. Akiba ya Saccos inashikilia uanachama. Ili uitoe yote unajiuzulu, unaandika notisi, unasubiri. Na kama umemdhamini mtu, hutoki hadi amalize au apate mdhamini mwingine. Mwalimu, umedhamini wangapi?

#15 Chaki Nyeupe
Wawili. Mmoja anamaliza mwaka huu. Mwingine ndiyo kwanza kaanza.

#16 Dawati la Mikopo
Basi mpango wa namba 9 umekufa hapo hapo.

#17 Bado Nalipa
Naomba niongelee udhamini kidogo, kwa sababu humu kila mtu anapiga hesabu ya riba kana kwamba ndiyo gharama pekee.

2017, lile orodha la watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi lilipotoka, kwenye ofisi yetu waliondoka watu. Mmoja nilikuwa nimemdhamini, tena nilisaini nikiwa nimesimama koridoni, sikukaa hata chini. Mshahara wake ulisimama mwezi ule ule. Saccos walichukua kwanza akiba yake, haikutosha. Kilichobaki walitugawia wadhamini watatu. Nililipa miezi 14 deni ambalo sikuonja hata soda yake.

Sijamlaumu yule bwana, alikuwa na watoto. Lakini mkinipigia hesabu ya Saccos kuwa nafuu, nami naomba niweke miezi yangu 14 humo ndani. Benki hawajawahi kuniambia nimlipie mtu.

#18 Mama Nasra Tanga
Pole sana. Ila benki nao wangekukatalia wewe mwenyewe siku ukiwa na shida ya laki tano saa nne usiku. Mimi mwanangu alilazwa, mkopo wa dharura wa Saccos ulitoka kesho yake asubuhi.

#19 Mnyonge Msomi
@Mama Nasra Tanga hiyo Saccos yako ina pesa. Yetu mkopo wa maendeleo ni foleni. Kamati ya mikopo inapitisha, kisha unaambiwa usubiri marejesho ya mwezi ujao yaingie. Niliomba mwezi wa pili, nikapata mwezi wa sita. Na shida yenyewe haikuwa Saccos, ilikuwa mwajiri anakata kwenye mishahara halafu hapeleki kwa wakati. Kwenye slipu yangu nimekatwa, kwenye daftari la Saccos sijalipa. Ukifika kuomba mkopo unaonekana mdaiwa sugu.

Mwalimu kabla hujachagua, linganisha slipu yako na taarifa ya Saccos kwa miezi sita tu iliyopita. Kama kuna mwezi haufanani, jua kabisa kenchi zako zitasubiri.

#20 Kipara wa Mwanjelwa
Mwalimu kaja kutafuta mabati, sasa anakagua hesabu za serikali.

#21 Msomaji Kimya
Hakuna aliyeuliza kama huo mkopo utapita kwenye theluthi. Basiki ni kiasi gani, na Bodi ya Mikopo wanakukata bado?

#22 Chaki Nyeupe
Basiki 1,100,000. Bodi ndiyo, bado wananikata. Na Saccos nachangia akiba 50,000 kila mwezi.

#23 Msomaji Kimya
Basi tuone. PSSSF asilimia 5 ni 55,000. Bima ya afya 33,000. Kodi ya mshahara inakuja 141,500. Bodi asilimia 15 ni 165,000. Nakuwekea chama cha wafanyakazi asilimia 2, ni 22,000. Hapo inabaki 683,500.

Theluthi ya basiki, ambayo haiguswi, ni 366,667. Kwa hiyo nafasi yako ya makato mapya ni kama 316,800 tu. Saccos 226,667 pamoja na akiba 50,000 inaingia, unabaki na nafasi ya elfu 40. Benki ya miezi 36 nayo, ukiacha akiba ya Saccos iendelee, inaingia kwa kubana. Vyote viwili kwa pamoja, sahau.

Hii ndiyo sababu watu wanakimbilia miezi 84. Siyo kwamba hawajui riba, ni kwamba theluthi inawabana.

#24 Dawati la Mikopo
Namba 23 umeongea kama umekaa kwenye kiti changu. Naongeza moja: wengi wakichukua miezi 84 hawafiki nayo. Mwaka wa pili nafasi inapanuka kidogo, mshahara umepanda daraja, anakuja kuongezea. Mkopo mpya unalipa wa zamani, ada na bima inakatwa upya, miezi inarudi 84. Nina mteja wa mara nne. Kila akija anafurahi, anapewa milioni mbili mkononi.

#25 Mtumishi Halisi
Na wewe unamruhusu?

#26 Dawati la Mikopo
Mimi nina malengo ya mwezi, mkuu.

#27 Mpangaji wa Sinza
Nitawapinga kidogo. Miezi 84 siyo ujinga. Shilingi laki moja na ishirini ya mwaka wa saba haitakuwa na uzito wa leo, na mabati ya leo hayatakuwa bei ya leo. Akipaua sasa anaacha kulipa pango. Mwalimu unalipa pango shilingi ngapi? Iweke kwenye hesabu, utaona riba ya milioni nne inaliwa na pango.

#28 Hazina Mstaafu
Hoja nzuri, ila inafaa mikopo yote miwili. Akipaua kwa pesa ya Saccos naye anaacha pango. Tofauti ni kama anaweza kuishi na makato ya 226,667. Hilo analijua yeye na mume aliyenuna.

#29 Chaki Nyeupe
Tumeshaongea, hajanuna tena. Pango ni 80,000.

Nimerudi na habari. Nilikwenda Saccos siku mbili. Mhasibu kasema "riba inapungua, usiwe na wasiwasi", jedwali akasema mfumo hautoi. Nikaenda kwa mwenzangu wa shule ya jirani ambaye alichukua milioni 6 kama hii hii, miezi 36, yupo mwezi wa 20. Kafungua slipu zake zote kwenye simu. Makato ya Saccos ni 226,667 kila mwezi, haijashuka hata shilingi.

Kwa hiyo ni flati, siyo?

#30 Mnyonge Msomi
Flati hiyo, mchana kweupe.

#31 Hazina Mstaafu
Polepole. Mwajiri hapendi kubadilisha makato kila mwezi, kwa hiyo Saccos nyingi hupeleka namba moja isiyobadilika hata kama riba inapungua. Swali ni ile ziada inakwenda wapi.

Kama riba inapungua kweli na ziada inapunguza deni, mkopo wa mwenzako utaisha kwenye mwezi wa 31, siyo 36. Na leo, mwezi wa 20, salio lake linatakiwa liwe kama 2,330,000. Kama salio ni 2,666,667, basi kila mwezi wanapunguza 166,667 tu, na ziada haijagusa deni. Hapo ama ni flati, ama ziada imewekwa kwenye akiba yake. Kwa miezi 20 ziada hiyo ni kama 316,667. Aangalie vitu viwili tu: salio la mkopo, na akiba kama imekua zaidi ya anavyochangia.

#32 Nakuru Rafiki
Huyu mzee alistaafu mapema sana.

#33 Bado Nalipa
Kuna njia ya tatu. Yetu walikuwa wanakata sawa kila mwezi, halafu mwisho wa mkopo wanarudisha ziada. Nilirudishiwa, japo nilifuatilia miezi mitatu. Kwa hiyo salio la 2,666,667 peke yake halithibitishi wizi.

#34 Hazina Mstaafu
Kweli, nimewahi kuona hiyo pia, na sikuipenda. Pesa ya mwanachama inakaa bure mwaka na nusu bila riba. Ila lazima iwe imeandikwa mahali: kwenye sera ya mikopo au kwenye leja ya mwanachama kama pesa anayodai. Isipoandikwa popote, hakuna ziada, kuna hadithi.

#35 Chaki Nyeupe
Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani.

Mwenzangu kapata taarifa yake. Salio la mkopo 2,666,667, kama ulivyosema mzee, hadi hiyo 7 ya mwisho. Akiba imekua kwa 50,000 kila mwezi, hakuna cha zaidi. Mhasibu anasema ziada ipo na "itarekebishwa mwishoni". Meneja anasema masharti yetu ni asilimia 1 ya mkopo wote na watu walielezwa kwenye mkutano mkuu. Wamekaa ofisi moja, meza mbili, majibu mawili.

#36 Mtumishi Halisi
Benki. Miezi 36. Nimemaliza.

#37 Mama Nasra Tanga
Usimsikilize. Muhtasari wa mkutano mkuu upo, mwanachama ana haki ya kuusoma. Na sera ya mikopo pia. Waombe vyote viwili kwa maandishi, nakala kwa afisa ushirika wa wilaya. Ukiwa na barua yenye muhuri wa kupokelewa, ule mfumo usiotoa jedwali utaanza kutoa.

#38 Dawati la Mikopo
Mwalimu, na kwetu pia omba jedwali kabla ya kusaini, na uliza adhabu ya kulipa mapema ni asilimia ngapi. Kuna benki zinatoza. Nisije kuonekana nawasema Saccos tu.

#39 Mnyonge Msomi
Mimi bado nasema meneja ndiye mkweli na mhasibu anampoza mteja.

#40 Bado Nalipa
Nami nasema mhasibu ndiye mkweli na meneja hajui mfumo wake. Nimewahi kuwa na meneja wa hivyo.

#41 Chaki Nyeupe
Mwenzangu kaandika barua leo, nakala kwa afisa ushirika, kagongewa muhuri. Fomu zangu mbili bado ziko mezani. Benki wameniletea hesabu ya miezi 36, ni 213,916 kama ulivyokadiria namba 3, na mkononi napata 5,820,000. Fundi wa kenchi kapiga simu mara mbili leo.

#42 Kipara wa Mwanjelwa
Fundi mwambie kuna 316,667 mahali fulani, tunaitafuta.